Usaha wa jipu: kwenye slaidi nimeona nyekundu, kalcha ikatoa stafilokokasi. Nimekosea wapi?

Dogo_wa_Mwanga:
Wakuu habari za jioni. Niko fildi kwenye maabara moja hapa Kigoma mjini, stashahada mwaka wa pili. Juzi alikuja mvuvi wa Kibirizi ana jipu pajani, likapasuliwa, usaha ukaletwa kwetu. Nikaambiwa nipige Gram.

Nikapaka usaha kwenye slaidi, ukakauka, nikaipitisha juu ya kibatari cha spiriti. Kristali vayoleti dakika moja, maji. Lugoli dakika moja, maji. Halafu asetoni-alkoholi, hapo nikamimina mpaka ile zambarau inayochuruzika ikakatika yenyewe. Safranini dakika moja, maji, nikakausha. Lenzi ya 100 na mafuta yake.

Nikaona vijidudu vya mviringo vimeshikana kama chikichi kwenye shada, vyote vyekundu. Nikaandika: kokasi Gram hasi. Kesho yake sahani ina makoloni ya rangi ya krimu, katalasi inatoa povu, koagulasi imeganda. Stafilokokasi orea kabisa, na huyo kila kitabu kinasema ni Gram chanya, zambarau. Msimamizi akaniuliza mbele ya wenzangu hizo kokasi nyekundu za vishada nimezitoa sayari gani.

Naomba kueleweshwa, si kuchekwa. Nimeshachekwa.

Tabibu_Nguruka:
Dogo, hilo ni jepesi. Bakteria wa Gram hasi wana koti la mafuta kwa nje, kwa hiyo kristali vayoleti haiwaingii. Wa Gram chanya hawana koti, inawaingia. Wako angepaswa kuingiwa na hakuingiwa, maana yake chupa yako ya zambarau imekufa. Badilisha chupa, maisha yaendelee.

Mgebuka_Fresh:
Mimi nilidhani uzi wa gramu za dhahabu. Naondoka taratibu.

Mzee_wa_Lenzi:
Tabibu, koti la mafuta lipo, hapo uko sawa. Lakini kristali vayoleti inawaingia wote. Ukisimamisha kazi baada ya Lugoli na kuweka slaidi chini ya lenzi, stafilokokasi na E. koli wote ni zambarau, hutamjua nani ni nani. Tofauti haiko kwenye kuingia kwa rangi. Iko kwenye kutoka.

Dogo, kabla sijasema neno nina maswali manne. Ile slaidi bado unayo? Usaha uliupaka mzito au mwepesi? Asetoni ilikaa muda gani kwa kuhesabu, si kwa kukisia? Na ulisoma sehemu gani ya slaidi, katikati au pembeni?

Dogo_wa_Mwanga:
Shikamoo mzee. Slaidi ninayo, niliificha kwenye boksi nisije nikaoneshwa tena kama mfano. Usaha ulikuwa mzito, niliona nikipaka mwingi nitapata vijidudu vingi. Asetoni sikuhesabu, nadhani inafika sekunde 20 au zaidi, maana katikati zambarau ilikuwa haiishi kutoka. Nilisoma pembeni kwa sababu katikati palikuwa giza.

Mzee_wa_Lenzi:
Marahaba. Basi jibu lako nusu umeshaliandika mwenyewe.

Asetoni haimsubiri mtu. Kwenye mpako mwembamba, sekunde 2 au 3 zinatosha, kisha maji hapohapo. Alkoholi peke yake ni ya pole, inaweza kufika sekunde 10 hadi 20. Sisi tunachanganya ili tupate kasi ya kati, lakini bado ni sekunde chache. Wewe ulikuwa unangoja donge la katikati limalize kutoa rangi, na donge la usaha lina rangi ya kutoa mpaka jioni. Wakati unalingoja, pembeni ambako usaha ulikuwa mwembamba palishamaliza sekunde ya tatu. Zile kumi na kitu zilizobaki ulikuwa unamvua stafilokokasi nguo kwa nguvu. Kisha ukampa safranini, akaivaa kama wengine wote.

Rudi kwenye slaidi, na usianze na bakteria. Anza na seli za usaha, angalia kiini chake. Kiini cha seli hakina ukuta wa kushika zambarau, kwa hiyo kwenye slaidi iliyosafishwa vizuri ni lazima kiwe chekundu au waridi. Kikiwa zambarau, sehemu hiyo haijasafishwa vya kutosha na usiamini chochote hapo. Tembea kutoka katikati kwenda pembeni polepole, utuambie unachokiona.

Hicho kiini ndicho kilichomsumbua Gram mwenyewe, yule daktari wa Denmaki, mwaka 1884 pale Berlini. Alikuwa anachunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, akataka bakteria wabaki na rangi na viini vya seli za mapafu viachie. Ile rangi nyekundu ya mwisho si yake hata, waliiongeza wengine baadaye.

Mama_Zuhura_Ujiji:
Samahani wataalamu, naingilia. Mimi nilipima mkojo, karatasi yangu imeandikwa Gram negativu, fimbo, nyingi. Shemeji yangu anasema negativu maana yake sina ugonjwa, kwa hiyo nisihangaike na dawa. Nilikuwa nafurahi mpaka nikasoma hapa. Ni kweli sina?

Mzee_wa_Lenzi:
Mama Zuhura, shemeji amekosea, ingawa wanaokosea hapo ni wengi. Kwenye malaria, hasi ni hakuna. Kwenye Gram, hasi ni jina la rangi tu, kwamba bakteria waliopo wametoka wekundu. Wangekuwa hawapo wangeandika hawakuonekana. Karatasi yako inasema wameonekana bakteria wenye umbo la fimbo, na ni wengi. Kama hiyo inatosha kukupa dawa au la, inategemea unavyojisikia na vipimo vingine, kwa hiyo irudishe kwa aliyekuandikia, usiiache kwenye droo.

Mama_Zuhura_Ujiji:
Alhamdulillahi nimeuliza. Kesho asubuhi narudi. Shemeji nitamsomea hapa hapa.

Tabibu_Nguruka:
Mzee, nimekubali kuhusu kuingia na kutoka. Lakini bado hujaniambia kwa nini mmoja aachie na mwingine ashike, kama rangi ilishaingia kwa wote.

Mzee_wa_Lenzi:
Swali zuri, na jibu lake liko kwenye Lugoli, hatua ambayo wanafunzi huiona kama ya kupitisha muda tu.

Chukua wavu wa dagaa. Ukuta wa bakteria umesukwa hivyohivyo, nyuzi za sukari zimefungwa kwa vifundo vya protini fupi, ndiyo peptidoglikani. Stafilokokasi amejizungushia nyavu hizo tabaka juu ya tabaka, unene wake nanomita 20 hadi 80. E. koli ana wavu mmoja mwembamba ambao haufiki hata nanomita 10, na juu yake ndiyo lile koti la mafuta ulilolisema.

Kristali vayoleti ikiwa peke yake ni punje ndogo, inapita kwenye matundu ya wote. Ukimwaga Lugoli, aidini inaikuta zambarau ndani, zinashikana, linakuwa donge kubwa kuliko ile punje iliyoingia. Hapo ndipo asetoni-alkoholi inakuja. Kwa E. koli inayeyusha koti la mafuta, na ule wavu mmoja uliobaki hauwezi kuzuia kitu, donge linatoka. Kwa stafilokokasi inanyonya maji kwenye ukuta mnene, nyavu zinakazana na matundu yanabana, donge linabaki ndani. Linabaki kwa muda, zingatia hilo. Ukizidisha dakika, hata ukuta mnene unaachia. Ni mlango uliobanwa, haujazibwa kwa saruji.

Kwa hiyo ukiruka Lugoli, au ukiwa na Lugoli iliyochoka, zambarau inabaki punje ndogo na wote wanatoka wekundu. Ndiyo maana sikukimbilia kulaumu chupa ya kristali vayoleti. Ningeanza na chupa ya pili.

Lab_Kibondo:
Mzee amemaliza kwenye asetoni, lakini mimi naongeza kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Je, huyo mvuvi alikuwa ameshakunywa dawa?

Nauliza kwa sababu nilishawahi kuungua. Kituo nilichokuwepo zamani aliletwa mtoto ana homa na shingo imekaza, maji ya uti wa mgongo yakaja kwangu. Nikaona kokasi wawili wawili, wekundu. Wawili wawili wekundu kwenye maji ya uti wa mgongo, akili inaruka moja kwa moja kwa meningokokasi, na taarifa ya meningokokasi inaamsha wilaya nzima. Kilichonizuia ni umbo. Meningokokasi wanakaa kama maharage mawili yanayotazamana kwa upande wa bapa, na wengi unawakuta ndani ya seli za usaha. Hawa walikuwa wamechongoka kwa nje kama ncha ya mkuki, wako nje ya seli, na pembeni yao kuna uwazi kama kivuli. Hilo ni umbo la nimokokasi, ambaye anapaswa kuwa zambarau.

Nikamtafuta mama wa mtoto. Akasema njiani walipita zahanati, mtoto akachomwa sindano za seftriaksoni tangu jana yake. Dawa za ukoo wa penisilini zinavunja usukaji wa ule wavu wenyewe. Bakteria anakuwa bado ana umbo lake lakini ukuta umelegea, hashiki donge. Niliandika nilichokiona, umbo na rangi vyote viwili, nikaongeza kwamba mgonjwa ameshapata dawa na rangi isitegemewe. Sikuandika jina la bakteria.

Dogo_wa_Mwanga:
Kaka Kibondo umenishtua. Nimempigia muuguzi wa vidonda, anasema mvuvi alinunua kapsuli za rangi mbili duka la dawa muhimu, akanywa siku tatu kabla ya kuja. Jina halikumbuki.

Sasa nachanganyikiwa zaidi. Ni asetoni yangu au ni kapsuli zake?

Mzee_wa_Lenzi:
Slaidi itasema. Umeshaitembea?

Dogo_wa_Mwanga:
Nimeitembea leo mchana, msimamizi akiwa kwenye chai.

Katikati kabisa ni giza, viini vya seli za usaha ni zambarau, kokasi zambarau, kila kitu zambarau. Pembeni kabisa viini vyekundu, kokasi vyekundu, ndipo niliposoma siku ile. Lakini kuna ukanda mwembamba kati ya hapo na hapo, kama upana wa ukucha wa kidole kidogo. Kwenye ukanda huo viini ni vyekundu na kokasi ni ZAMBARAU. Vishada vilevile. Nilikaa pale dakika kumi natazama tu.

Mzee_wa_Lenzi:
Huo ukanda ndio ulikuwa slaidi yako. Sehemu nyingine zote ni kelele. Viini vimeachia, kwa hiyo usafishaji umefika, na kokasi bado wameshika, kwa hiyo ukuta wao ni mnene. Ungepaka mwepesi, ukanda huo ungekuwa slaidi nzima.

Lab_Kibondo:
Nakubaliana kwa sehemu kubwa. Ila kwenye ukanda huo huo, dogo, kokasi WOTE ni zambarau? Hakuna hata kishada chenye mchanganyiko?

Dogo_wa_Mwanga:
Wengi zambarau. Vipo vishada ambavyo ndani yake vitatu vinne ni vyekundu.

Lab_Kibondo:
Basi na kapsuli zimo. Sio asetoni peke yake.

Mzee_wa_Lenzi:
Inawezekana. Inawezekana pia ni bakteria waliokwisha kufa wenyewe ndani ya jipu, jipu la wiki nzima lina wazee wengi. Kwa slaidi moja huwezi kuwatenganisha, na mimi sitajifanya naweza.

Dogo, koloni unazo bado. Fanya hivi. Chukua slaidi tatu. Kila moja, upande wa kushoto weka E. koli kutoka sahani yoyote ya mkojo mliyonayo, upande wa kulia weka huyo stafilokokasi wako. Tone dogo la maji, chembe ya koloni isiyozidi kichwa cha pini, tandaza mpaka ukiweka juu ya gazeti unasoma maandishi. Acha ikauke yenyewe. Zote rangi sawa, muda sawa, isipokuwa asetoni: ya kwanza hesabu 3, ya pili 10, ya tatu 30. Na slaidi ya nne iishie kwenye asetoni ya 3, usiipe safranini.

Mwalimu_Tabora:
Nafuatilia kimyakimya kutoka Tabora. Nafundisha bailojia, kidato cha tano na cha sita. Nataka wanafunzi waione tofauti hii kwa macho, lakini shuleni siwezi kutunza sahani za stafilokokasi. Kuna njia?

Lab_Kibondo:
Mwalimu, iko kwenye meno yako. Chukua kijiti cha meno, kwangua ule utando kwenye shina la jino, paka na tone la maji kwenye slaidi. Mdomoni kuna wa zambarau na wa wekundu pamoja, duara, fimbo, nyuzi ndefu. Ukiona rangi moja tu kwenye slaidi ya meno, ujue hatua zako zimeharibika. Hata sisi siku tukikosa bakteria wa kujipima tunafanya hivyo. Kila mwanafunzi akwangue meno yake mwenyewe, na vijiti viende kwenye dawa ya klorini. Asetoni na kibatari visikae meza moja.

Mwalimu_Tabora:
Asante sana. Na bakteria wa kifua kikuu tutamwonaje humo? Yeye ni chanya au hasi?

Mzee_wa_Lenzi:
Huyo mwache nje ya darasa lako kabisa. Ukuta wake umejaa nta, rangi za Gram zinamwingia kwa shida, anatoka hafifu au haonekani. Ana rangi zake za Ziehl-Neelsen zenye moto na asidi. Kusema ni chanya au hasi kwa Gram ni kumlazimisha kwenye mizani isiyo yake.

Dogo_wa_Mwanga:
Wakuu nimerudi. Siku tatu zimepita kwa sababu maji yalikatika.

Slaidi ya 3: kulia zambarau tupu, kushoto wekundu tupu. Nzuri mpaka nikamwita mwenzangu aone.
Slaidi ya 10: kushoto wekundu. Kulia wengi zambarau, wachache wamepauka.
Slaidi ya 30: kushoto wekundu. Kulia ni vurugu, zaidi ya nusu wekundu. Na hawa wametoka kwenye koloni ya siku moja niliyoiotesha upya, hakuna kapsuli, hakuna dawa.
Slaidi ya nne, isiyo na safranini: kulia zambarau. Kushoto nilidhani sikupaka kitu! Ni kioo kitupu. Nikafunga mwanga wa darubini ukawa hafifu, ndipo nikaona vivuli vya fimbo. Wapo, hawana rangi.

Hiyo ya nne ndiyo imenifungua. Nilikuwa naamini wekundu ni rangi ya E. koli, kumbe safranini inawavalisha tu ili waonekane.

Halafu nikaongeza la kwangu. Ile sahani ya kwanza kabisa ilikuwa imeshafika siku ya nne mezani, nikaipaka pia, asetoni hesabu 3 tu. Imetoka mchanganyiko, robo hivi wekundu.

Tabibu_Nguruka:
Siku ya nne? Lakini ni bakteria yuleyule.

Mzee_wa_Lenzi:
Ni yuleyule, ukuta wake umezeeka. Wakishamaliza chakula wanaanza kuvunja kuta zao wenyewe. Ndiyo maana Gram ya koloni hufanywa kwenye ya saa 18 hadi 24. Nyekundu, Tabibu, inasema ukuta huu leo haukushika. Kwa nini haukushika ni swali jingine.

Lab_Kibondo:
Na ukiwa na koloni na hutaki mabishano ya rangi, kuna potasi haidroksidi ya asilimia 3. Tone moja kwenye slaidi, korogea chembe ya koloni, baada ya nusu dakika hivi inua kitanzi taratibu. Gram hasi ukuta wake unapasuka, DNA inamwagika, tone linavutika kama mlenda. Gram chanya linabaki maji tu. Uzi unaovutika ni hasi. Uzi huu nao naona unavutika.

Mzee_wa_Lenzi:
Hahaha. Sawa, lakini kwa usaha mbichi haifai, DNA ya seli za usaha nayo inavutika.

Dogo, swali la mwisho. Slaidi uliipitisha juu ya kibatari mara ngapi?

Dogo_wa_Mwanga:
Ile ya kwanza... niliishikilia mpaka ikaniunguza vidole. Hizi za majuzi mara tatu, haraka.

Lab_Kibondo:
Ndiyo hiyo! Moto mwingi unapasua kuta, wanaachia rangi. Mimi usaha siuchomi kabisa, naumwagia methanoli dakika mbili, seli zinabaki na sura yake.

Mzee_wa_Lenzi:
Methanoli ni nzuri ukiwa nayo. Nimefanya kazi miaka mitatu kituo ambacho haikuwahi kufika, na moto ukipitishwa haraka, slaidi igusike nyuma ya mkono bila kuunguza, haujawahi kunidanganya. Hapo hatutakubaliana na haina neno. Ila kwa slaidi ya dogo sasa tuna asetoni, kapsuli, umri wa jipu na moto. Wanne, na ukanda mmoja wa ukucha.

Lugoli yenu ina tarehe ya kutengenezwa?

Dogo_wa_Mwanga:
Nimeenda kuangalia. Haina tarehe. Ipo kwenye chupa nyeupe ya plastiki, karibu na dirisha, na rangi yake ni kama chai ya rangi iliyozidi maji.

Mzee_wa_Lenzi:
Watano.